Majina mawili kwenye hatimiliki: mmoja akifa, sehemu yake huenda wapi?

Maswali haya huulizwa sana na watu walionunua ploti, nyumba au shamba Kenya pamoja na mtu mwingine. Majibu yanafuata sheria ya Kenya, hasa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 na Sheria ya Mirathi, Sura ya 160. Tanzania na Uganda zina sheria zao, kwa hiyo usiyahamishe majibu haya kuvuka mpaka bila kuuliza kwanza.

Kumiliki kwa pamoja na kumiliki kwa hisa kuna tofauti gani?

Katika umiliki wa pamoja, hakuna aliye na fungu lake. Mume na mke wakimiliki nyumba hivi, kila mmoja ana nyumba nzima pamoja na mwenzake, na huwezi kuonyesha nusu ya huyu na nusu ya yule. Mmoja akifa, haki yake inaishia pale pale na aliyebaki anaendelea kuwa na nyumba nzima. Hakuna kinachorithiwa, kwa sababu marehemu hakuacha fungu lolote la nyumba ile.

Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu linalohesabika: nusu, theluthi, asilimia 70, vyovyote mtakavyokubaliana. Fungu hilo halijakatwa kwenye udongo, na huwezi kuweka ua ukasema upande huu ni wangu. Lakini ni mali yako. Ukifa, linaingia kwenye mirathi yako pamoja na akaunti za benki, gari na ng'ombe, na wanaolipata ni warithi wako, si lazima wawe wamiliki wenzako.

Yote haya yako katika kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Ni kifungu kimoja kirefu, na sehemu kubwa ya ugomvi wa familia juu ya ardhi yenye majina mawili huanza kwa sababu hakuna aliyekisoma mapema.

Nitajuaje yetu ni ya aina gani?

Tazama mahali majina yenu yalipoandikwa kwenye hatimiliki. Kwa kuwa hati zetu huandikwa kwa Kiingereza, tafuta maneno “as joint tenants”, yaani mnamiliki kwa pamoja, au “as tenants in common”, yaani mnamiliki kwa hisa. Baada ya haya ya pili hufuata mafungu, kwa mfano “in equal shares” ikiwa mko sawa kwa sawa.

Usitosheke na karatasi iliyo kabatini. Hatimiliki ni ushahidi wa kilichoandikwa kwenye sajili siku ilipotolewa, na sajili inaweza kuwa imebadilika tangu hapo. Omba upekuzi rasmi. Kwa ardhi ya Nairobi maombi hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa, na sehemu nyingi nyingine ni kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti. Majibu yakija, soma sehemu ya umiliki, kisha usome sehemu ya mikopo na vizuizi. Watu wengi huishia kwenye jina lao, wakiliona wanakunja karatasi na kwenda nyumbani.

Hati yetu ina majina mawili tu, haisemi ni aina gani. Je?

Kama hati ya uhamisho iliyowaletea ardhi haikutaja aina, sheria ya 2012 inachukulia kwamba mnamiliki kwa hisa, tena hisa zilizo sawa. Haiulizi nani alitoa pesa nyingi. Ukitoa milioni tatu na mwenzako akatoa milioni moja, na hati ikanyamaza, sajili itawaona nusu kwa nusu. Anayetaka kuthibitisha vinginevyo atakwenda mahakamani na risiti na taarifa za benki, na hiyo si njia fupi.

Wanandoa wawe waangalifu zaidi. Kati ya 2012 na 2016, kifungu cha 93 kilikuwa na dhana yake yenyewe kuhusu ardhi ambayo mume au mke aliinunua ili waimiliki na kuitumia wote wawili. Kilibadilishwa mwaka 2016, na sasa jambo hilo linaelekezwa kwenye Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kwa hiyo tarehe ya kununua ina maana. Hati za zamani kabla ya 2012 nazo hutegemea sheria iliyotawala sajili ile wakati huo, na hapo wakili anahitaji kuiona hati yenyewe kabla ya kutoa jibu.

Mimi na ndugu yangu tunataka umiliki wa pamoja, ili mmoja akifa mwingine abaki na shamba lote. Inawezekana?

Kwa kawaida, hapana. Hapa ndipo wengi hushangaa. Tangu sheria ilipoanza kutumika tarehe 2 Mei 2012, umiliki wa pamoja mpya unaweza kuundwa baina ya mume na mke tu. Ndugu, marafiki, mama na mwanawe, washirika wa biashara: hawa wote wanahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Bila ruhusa hiyo, hata kama hati yenu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mnamiliki kwa pamoja, sheria itaichukulia kuwa umiliki wa hisa.

Matokeo yake ni makubwa. Mama mjane amemwandikisha bintiye pamoja naye kwenye ploti mwaka 2018, akiamini kwamba siku akifa ploti itabaki kwa binti bila kesi. Mama anafariki. Fungu la mama halibaki kwa binti peke yake. Linaingia kwenye mirathi, na ndugu wa binti huyo wanalipata kama warithi wengine wowote. Kama nia ya mama ilikuwa binti apate, alihitaji kumpa akiwa hai, au aandike wosia.

Umiliki wa pamoja uliosajiliwa kihalali kabla ya tarehe hiyo ni suala jingine. Ndugu walioandikishwa hivyo mwaka 1998, kwa mfano, wasichukulie kwamba sheria mpya imewageuza.

Mume wangu amefariki, na nyumba tulikuwa tunamiliki kwa pamoja. Ni lazima niende mahakamani?

Kwa nyumba hiyo, hapana. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamtaka Msajili wa Ardhi, akishathibitishiwa kifo, alifute jina la marehemu kwa kusajili cheti cha kifo. Unakwenda ofisi ya ardhi na cheti cha kifo halisi, hatimiliki, kitambulisho chako na PIN ya KRA, unajaza fomu ya maombi, na baada ya hapo sajili inabaki na jina lako. Hakuna barua ya chifu, hakuna tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, hakuna kungoja miezi.

Kinachokwamisha maombi haya mara nyingi ni majina. Cheti cha kifo kina majina matatu, hatimiliki ina mawili, au herufi moja imepotea kati ya kitambulisho na hati. Ofisi itadai kiapo cha kueleza kwamba mtu ni yule yule, na namba ya kitambulisho ndiyo itakayowaunganisha. Linganisha nyaraka kabla ya kupanga foleni.

Lakini hii ni kwa nyumba hiyo tu. Kama marehemu alikuwa pia na shamba kwa jina lake peke yake, shamba hilo linahitaji mirathi kamili. Nimeona wajane waliomaliza suala la nyumba kwa haraka wakadhani yote yamekwisha, huku shamba likiendelea kusomeka kwa jina la marehemu.

Marehemu alikuwa na watoto wa ndoa ya kwanza. Hawapati chochote kwenye nyumba ya pamoja?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, kwa hiyo tulipige hesabu.

Chukua mwanamume ambaye mke wake wa kwanza alifariki akamwachia watoto wawili. Akaoa tena kanisani, na kwa ndoa ya pili akapata mtoto mmoja. Mwaka 2014 yeye na mke wa pili walinunua nyumba Thika, na leo thamani yake ni shilingi milioni 12. Mume anafariki bila wosia.

Kama walimiliki kwa pamoja, mjane ana nyumba nzima ya milioni 12 siku ile ile. Hata akiamua kuwa mwema, wema huo ni hiari yake. Siku atakapofariki yeye, nyumba itafuata mirathi yake, yaani itamwendea mtoto wake na jamaa zake. Wale wawili wa mke wa kwanza si watoto wake kwa kuzaa, na hawana njia nyepesi ya kudai. Wakikimbilia mahakamani kwa kifungu cha 26 cha Sheria ya Mirathi, kinachowalinda wategemezi, watakuta kwamba mahakama hugawa mali ya marehemu peke yake, na sheria yenyewe inaeleza kwamba mali ambayo haki ya marehemu iliishia kwa kifo chake haihesabiwi humo. Nyumba iko nje ya mlango.

Sasa badilisha neno moja tu kwenye hati: wanamiliki kwa hisa, nusu kwa nusu. Mjane ana nusu yake, milioni 6, ambayo haiguswi na mtu. Nusu ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Chini ya kifungu cha 35, mjane anapata vyombo na vitu vya nyumbani, na kwa kilichobaki ana haki ya kukitumia maisha yake yote. Anaweza kuendelea kuishi pale bila kufukuzwa. Haki hiyo ikikoma, nusu ile inagawanywa sawa kwa watoto wote watatu: milioni 2 kila mmoja kwa thamani ya leo, yaani moja ya sita ya nyumba.

Katika njia hii ya pili mjane hakutupwa nje na watoto hawakusahauliwa. Kwa maoni yangu, mtu anayeoa au kuolewa akiwa na watoto wa nyuma asitie sahihi umiliki wa pamoja kabla hajaifanya hesabu hii kwenye karatasi. Anaweza bado kuuchagua, labda kwa sababu watoto wakubwa tayari wana chao. Lakini achague akijua.

Akiwa ameandika wosia kwamba nusu yake ya nyumba iende kwa watoto?

Kwa umiliki wa pamoja, sehemu hiyo ya wosia haina pa kushika. Wosia hugawa mali aliyo nayo marehemu anapokufa, na wakati huo hakuwa na fungu tena. Sehemu nyingine za wosia zinabaki salama.

Kwa umiliki wa hisa, wosia unafanya kazi vizuri kabisa. Kosa la kawaida ni kuandika “nyumba yangu ya Thika” wakati yako ni nusu. Andika fungu lako.

Tulinunua ekari moja ndugu watatu. Dada yetu amefariki. Sehemu yake inatufikia vipi?

Huenda isiwafikie ninyi kabisa. Tufuate mfano mmoja hadi mwisho.

Dada mkubwa na kaka zake wawili walinunua ekari moja huko Kajiado mwaka 2015 kwa shilingi milioni 6. Dada alitoa milioni 3, kaka wa kati milioni 2, mdogo milioni 1. Hati ya uhamisho ilitaja majina matatu, basi. Kwa hiyo wanamiliki kwa hisa, theluthi moja kila mmoja. Dada aliyelipa nusu ya bei ana theluthi kwenye sajili, na mdogo aliyelipa moja ya sita naye ana theluthi. Sentensi moja kwenye hati, kwamba hisa ni tatu, mbili na moja kwa sita, ingemaliza jambo hilo bila gharama yoyote ya ziada.

Dada anafariki bila wosia, akiacha mume na watoto wawili wadogo. Kaka zake hawamrithi, kwa sababu ana mume na watoto. Theluthi yake inaanza safari hii:

Mume ndiye wa kwanza katika orodha ya wanaofaa kuomba usimamizi wa mirathi. Anachukua cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote, pamoja na upekuzi rasmi wa ile ekari, kisha anawasilisha maombi mahakamani kwa fomu P&A 80. Hapa kuna jambo linalosahauliwa sana. Kwa kuwa kuna watoto wadogo, na mume atakuwa na haki ya kutumia tu, kifungu cha 58 cha Sheria ya Mirathi hakiruhusu msimamizi awe mmoja. Wanatakiwa angalau wawili. Anayewasilisha maombi akiwa peke yake hurudishwa akatafute mwenzake, na wiki nyingi hupotea hapo. Katika familia nyingi mmoja wa kaka za marehemu ndiye anayefaa, kwa sababu tayari ana maslahi ya kuona ardhi imetunzwa.

Maombi yanatangazwa kwenye Gazeti Rasmi, na anayepinga ana siku 30. Pasipo pingamizi mahakama inatoa hati ya usimamizi. Hati hii inawapa wasimamizi mamlaka ya kukusanya mali na kulipa madeni, lakini bado si ruhusa ya kugawa. Ikishapita miezi sita wanaomba ithibitishwe, wakieleza nani anapata nini. Mahakama inaweza kukubali kuithibitisha mapema ikiwa kuna sababu ya kutosha.

Hapo ndipo wanakwenda kwa Msajili. Chini ya kifungu cha 61 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, wasimamizi husajiliwa mahali pa marehemu, na sajili inaeleza kwamba wanashika kama wasimamizi wa mirathi yake. Mwishoni sajili ya ekari ile itasomeka hivi: kaka wa kati theluthi, kaka mdogo theluthi, na theluthi ya tatu kwa ajili ya mume na watoto kama mahakama ilivyothibitisha.

Ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi haihitajiki kwa ardhi ya kilimo kupita kwa warithi kwa njia ya kifo, mradi haikatwi vipande vyenye hati tofauti. Wakitaka kuikata, watakwenda kwenye bodi.

Wakati tunangoja, shemeji anaweza kuuza sehemu ya marehemu?

Hawezi. Kabla hati ya usimamizi haijatoka, anayeshika mali ya marehemu bila mamlaka anatenda kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na hata hati ikishatoka, ardhi haiuzwi kabla hati haijathibitishwa.

Mnunuzi anayeletewa “makubaliano ya familia” na barua ya chifu aondoke. Chifu anaweza kutaja warithi ni nani. Hawezi kuwapa ardhi.

Baada ya kurithi, shemeji anaweza kumuuzia mgeni theluthi ile?

Kuwauzia wamiliki wenzake ni rahisi. Kumuuzia mtu wa nje kunahitaji ridhaa ya maandishi ya wamiliki waliobaki, ila hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana. “Hatumtaki tu” haitoshi mbele ya mahakama. Na kumbuka kwamba katika mfano wetu theluthi ile ina haki za watoto ndani yake, kwa hiyo wasimamizi hawana uhuru wa mtu anayeuza chake.

Ikiwa kuishi pamoja kwenye hati moja kumeshindikana, kuna njia ya kugawa. Mkikubaliana wote, mnaomba kwa Msajili. Hata asipokubali mmoja, mwingine anaweza kuomba, na Msajili atasikiliza pande zote. Kikwazo kikubwa huwa ni ukubwa wa ardhi: ekari moja inaweza kukatwa mara tatu mahali pengine, na mahali pengine mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti ukaikataza. Ikiwa kuikata kutaiharibu, mtu anaweza kuomba amri ya mahakama iuzwe na pesa zigawanywe kwa hisa. Kwa kawaida, bei ya kununuana ndani ya familia huwa nafuu kuliko njia hizo zote mbili.

Marehemu alikuwa na madeni. Wanaomdai wanaweza kuifikia nyumba?

Ikiwa nyumba iliwekwa rehani benki, rehani inabaki juu yake. Aliyebaki kwenye umiliki wa pamoja anaipokea nyumba pamoja na mkopo. Uliza mapema kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha, kwa sababu mara nyingine bima hiyo ndiyo inayolipa salio, na benki haina haraka ya kukukumbusha.

Madeni mengine yasiyo na dhamana, kama ya sacco au ya duka, hulipwa kutoka kwenye mirathi. Fungu la hisa limo humo, kwa hiyo linaweza kuuzwa kulipa. Haki ya marehemu katika umiliki wa pamoja haimo, kwa kuwa imekwisha.

Tunaweza kubadilisha umiliki wa pamoja uwe wa hisa?

Ndiyo, mkiwa hai na mkikubaliana. Wote mnatia sahihi hati maalumu, inasajiliwa, na sajili inawaandika kama wamiliki wa hisa zilizo sawa. Mkitaka mafungu yasiyolingana, zungumzeni na wakili kuhusu hatua ya pili.

Mmoja hawezi kufanya hivyo peke yake, wala kwa siri. Mmiliki wa pamoja anaweza kuhamisha haki yake kwa mwenzake tu, na akijaribu kumpa mtu mwingine, uhamisho huo ni batili.

Hii ina makali yake kwa wanandoa wanaotengana. Kuhama nyumba hakubadilishi sajili. Kufungua kesi ya talaka nako hakuibadilishi. Mmoja akifa kesi ikiwa bado inaendelea, yule mwenza aliyekuwa akigombana naye ndiye anayebaki kwenye hati, na jamaa za marehemu watakuwa na kazi nzito. Kama mko kwenye hali hiyo na bado mnaweza kukubaliana jambo moja tu, kubalianeni kuvunja umiliki wa pamoja huku mengine yakisubiri. Na msikae mkitumaini kwamba mahakama itagawa nusu kwa nusu tu kwa sababu mlioana: mwaka 2023 Mahakama ya Upeo ilieleza kwamba katika kugawa mali ya ndoa kila mmoja hupata kulingana na mchango wake, na usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja.

Sisi ni Waislamu. Faraidhi inaingia wapi?

Kwenye fungu la hisa, inaingia kikamilifu. Sheria ya Mirathi imewatoa Waislamu kwenye kanuni zake za ugawaji, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kusikiliza mirathi yao. Mume akifariki akiacha mke na watoto, mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Kwa nyumba ya Mombasa ya milioni 8 waliyomiliki nusu kwa nusu, nusu ya mke ya milioni 4 ni yake kama mmiliki. Kutoka milioni 4 za marehemu, na tuchukulie hakuna deni wala wosia, anaongeza laki 5. Wengine, wakiwemo wazazi wa marehemu kama wako hai, wanachukua mafungu yao kwenye milioni 3 na nusu zilizobaki.

Umiliki wa pamoja unaleta mgongano, kwa sababu ofisi ya ardhi italifuta jina la marehemu kwa cheti cha kifo bila kumwuliza Kadhi. Anayetaka faraidhi ifanye kazi yake asiingie kwenye kesi ya kubishana na sajili: aandikishe hisa tangu mwanzo.

Mume na mke wakifa katika ajali moja?

Sheria ya Mirathi ina jibu katika kifungu cha 43. Isipojulikana nani alitangulia, watu huchukuliwa kuwa walikufa kwa kufuata umri, mkubwa kwanza, isipokuwa wanandoa, ambao huchukuliwa kuwa walikufa kwa wakati mmoja. Maana yake kwa nyumba ya pamoja ni kwamba hakuna aliyebaki kumzidi mwenzake, na familia zote mbili huwa na hoja ya kuingiza nusu kwenye mirathi ya kila mmoja. Lakini dhana hii inatumika panapokuwa na shaka. Rekodi ya hospitali ikionyesha kwamba mke aliishi saa tatu zaidi, nyumba nzima ilikuwa yake kwa saa hizo tatu, na itafuata mirathi yake. Kwa hiyo watunzeni nakala za rekodi hizo, hata kama siku zile hakuna aliye na moyo wa kushika karatasi.

Chama chetu kimenunua ploti na hati ina majina matano. Katiba yetu inasema mwanachama akifa sehemu yake inabaki kwa chama. Inatosha?

Haitoshi kwa Msajili. Ninyi si wanandoa, kwa hiyo mnamiliki kwa hisa, na fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake hata katiba ikisema vipi. Katiba inaweza kuwapa hoja ya kimkataba, kwa mfano kwamba warithi wakubali kununuliwa kwa bei fulani, ikiwa imeandikwa vizuri na marehemu alitia sahihi. Njia safi zaidi ni kusajili kampuni na kuiandikisha kampuni kama mmiliki wa ploti. Hapo mwanachama akifa zinazorithiwa ni hisa zake katika kampuni, nayo hatimiliki haiguswi.